Damu ikifika 12 usiache vidonge

"Hedhi yangu hutoka mabonge siku nane, usiku natandika kanga mbili. Nilipimwa wingi wa damu ikawa 8, nikapewa vidonge vya chuma. Sasa imefika 12. Naweza kuacha nikaendelea na juisi ya rozela? Niko Chake."

Usiache, shoga! Kosa hilo nimelifanya mimi, na aliyeniambia "damu imetimia, basi" alikuwa ni mtu wa dawa, ndiyo maana mpaka leo nina hasira naye. Hiyo 12 ni damu inayozunguka tu. Ghala ya chuma mwilini bado tupu.

Tufanye una kilo 55. Kutoka 8 hadi 12 mwili umetumia karibu miligramu 500 za chuma. Kujaza ghala unataka nyengine kama 500. Kwa hiyo ukiacha leo umefika nusu ya njia. Mwezi ujao ukimwaga mililita 150 za damu, zinaondoka na miligramu 60 hivi za chuma, na ghala haina cha kufidia. Chuma huisha ghalani kwanza, wingi wa damu hushuka mwisho, ndiyo maana kipimo hicho peke yake kinakudanganya. Omba kipimo cha feritini, ndicho kinachoonyesha chuma cha ghalani. Ikiwa chini ya 15, ghala imekauka.

Basi damu ikitimia, ndipo uanze kuhesabu miezi 3 mingine ya vidonge. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina 65 tu za chuma chenyewe, na kimoja kwa siku kinatosha. Kikikusumbua tumbo, meza siku moja uruke moja. Kimeze kwa maji na chungwa, na chai ikae mbali saa moja au mbili, maana chai hukizuia chuma kisiingie mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Rozela kunywa kwa ladha yake, lakini haiwezi kushika nafasi ya kidonge.

Na hayo mabonge usiyazoee. Kwa kawaida kizazi huiyeyusha damu kabla haijatoka. Ikija kwa kasi haiwahi kuyeyuka, inaganda. Bonge linalozidi sentimita mbili na nusu, pedi kujaa ndani ya saa moja au mbili, damu kupita hadi kwenye kanga, hedhi kuzidi siku 7: hiyo ni hedhi nzito. Usipoizuia utameza vidonge maisha. Mwambie daktari akupige utrasaundi atazame kama kuna uvimbe kwenye kizazi, na umuulize kuhusu traneksamiki, dawa ya kupunguza damu ya hedhi, ambayo humezwa siku za damu nyingi tu, si zaidi ya 4. Kama umewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mtangulizie hilo, kwani dawa hiyo haikufai.

Pedi ikijaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukihisi kizunguzungu na pumzi kukata, nenda hospitali usiku huo huo.