Hati ya makadirio ikifika mezani: ulipe, upinge au uulize?

Mteja akikuletea hati ya makadirio ya kodi, kidole chake kitakuwa kwenye ile tarakimu kubwa ya chini. Wewe uliyeanza juzi kazi ya uhasibu, anza na tarehe. Angalia hati ilitolewa lini, ilimfikia mlipakodi lini, na sheria inahesabu siku za pingamizi kuanzia ipi kati ya hizo mbili. Siku 30 ni muda wa kawaida katika sheria nyingi, zingine hutoa zaidi. Andika siku ya mwisho kwa kalamu nyekundu juu ya jalada kabla hujafungua kikokotoo, maana pingamizi zuri lililochelewa huweza kukataliwa bila hata kusomwa.

Halafu tambua ni makadirio ya aina gani. Kama mteja hakuwasilisha ritani na mamlaka ikamkadiria yenyewe, dawa mara nyingi ni kuwasilisha hiyo ritani kwanza. Kupinga makadirio huku ritani haipo ni kupoteza karatasi. Kama kosa liko kwenye kumbukumbu tu, kwa mfano malipo ya mwaka huu yameingizwa kwenye mwaka mwingine, barua fupi yenye nakala ya risiti kwa kawaida inatosha. Kazi hasa iko kwenye makadirio ya marekebisho: mteja alitangaza hesabu yake, afisa akaikagua, akaongeza kodi.

Nitachukua mfano unaojirudia sana. Biashara ndogo ilitangaza mauzo ya milioni 60 kwa mwaka. Afisa akachukua stetimenti za benki, akajumlisha fedha zote zilizoingia, akapata milioni 84. Tofauti ya milioni 24 akaiita mauzo yaliyofichwa. Tuseme kiwango cha kodi ya mapato ni asilimia 30: kodi ya nyongeza ni milioni 7.2, na juu yake kuna adhabu na riba.

Hati yenyewe inaweza kusema tu “mauzo yasiyotangazwa, milioni 24”. Hapo usilipe wala usipinge bado. Andika barua siku hiyohiyo ukiomba mchanganuo: ni akaunti zipi zilizotumika, kipindi gani, na orodha ya miamala iliyohesabiwa. Ila ujue jambo moja ambalo limewaponza wengi: kuomba ufafanuzi hakusimamishi saa. Siku zinaendelea kuyoyoma wakati unasubiri jibu, na maneno ya simu kwamba “tunalishughulikia” hayana uzito wowote siku ya mwisho ikipita. Jibu lisipokuja kwa wakati, wasilisha pingamizi kwa ulichonacho. Kama sheria inaruhusu kuongezewa muda, omba kwa maandishi, tena kabla muda haujakwisha.

Mchanganuo ukipatikana, kaa na stetimenti mstari kwa mstari. Katika mfano wetu unakuta milioni 9 ni mkopo. Milioni 7 zimetoka kwenye akaunti nyingine ya biashara hiyohiyo, yaani fedha zilezile zimehesabiwa mara mbili. Milioni 3 zimelipwa na wateja waliokopeshwa bidhaa mwaka uliotangulia, na mauzo hayo yalishatangazwa mwaka huo. Jumla ni milioni 19. Mhasibu mchanga atafurahi hapa na kuandika kwamba zimebaki milioni 5 tu.

Subiri kidogo. Ndani ya zile milioni 60 zilizotangazwa kuna milioni 2 ambazo wateja walikuwa hawajalipa hadi mwaka unafungwa. Hizo ni mauzo, lakini hazijagusa benki. Kwa hiyo fanya hesabu kutoka upande wa pili: mauzo milioni 60, toa milioni 2 ambazo hazijalipwa, ongeza milioni 3 za madeni ya zamani, unapata milioni 61. Ongeza mkopo na uhamisho, unafika milioni 77. Benki inaonyesha 84. Pengo halisi ni milioni 7. Afisa mzoefu ataiona hiyo milioni 2 kwenye orodha ya wadaiwa, na akikukuta umeiacha ataanza kutilia shaka hata mkopo wako wa kweli. Mfano huu nimeufanya mwepesi. Kama biashara hutumia fedha taslimu za mauzo kulipia matumizi kabla ya kuzipeleka benki, hizo nazo zinapanua pengo kwa namna hiyohiyo.

Muulize mteja kuhusu milioni 7 bila kumtisha. Tuseme anakubali kwamba kuna ankara za mwezi wa mwisho hazikuingizwa kwenye leja, ingawa gharama zake ziliingizwa. Basi uamuzi umejigawa wenyewe. Kodi ya milioni 7, yaani milioni 2.1, inakubalika na inalipwa. Kodi ya milioni 17 zilizobaki, yaani milioni 5.1, inapingwa. Adhabu na riba zinazokokotolewa kwa asilimia ya kodi zitashuka pamoja nayo, lakini omba kwa jina zipunguzwe ndani ya pingamizi, usidhani zitajirekebisha.

Lipa hiyo sehemu isiyobishaniwa mapema. Sheria za sehemu nyingi haziliangalii pingamizi mpaka sehemu hiyo ilipwe, na baadhi hutaka pia amana juu ya kodi inayobishaniwa. Kwenye malipo taja namba ya hati na kipindi, na katika barua eleza kwamba unalipa sehemu uliyoikubali tu.

Pingamizi lenyewe lisiwe malalamiko. “Makadirio ni makubwa mno” si sababu. Kwa kila kiasi andika tarehe kilipoingia, kilitoka wapi, kwa nini si mauzo, na kielelezo namba ngapi kinathibitisha. Angalia sana tarakimu zifanane. Katika mfano wetu mkataba wa mkopo unasema milioni 9.2, ila benki ilikata ada ya laki 2 kabla ya kuingiza fedha. Afisa akitafuta 9.2 kwenye stetimenti haioni, na akiona 9 haoni mkataba wake. Mstari mmoja wa maelezo pamoja na barua ya benki yenye makato hayo unamaliza mjadala. Kwa uhamisho, weka kurasa za akaunti zote mbili, fedha zikitoka huku na kuingia kule.

Sababu zote ziweke humo tangu mwanzo. Ukifika ngazi ya rufaa, mara nyingi huruhusiwi kuingiza hoja mpya bila kibali. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi kwa kawaida uko kwako, kwa hiyo mkopo wa ndugu usio na karatasi wala alama ya benki ni hoja dhaifu hata kama ni wa kweli. Mwambie mteja hivyo waziwazi.

Kagua pia kama tofauti hiyohiyo imezaa hati ya pili, hasa ya kodi ya ongezeko la thamani. Kila hati ina pingamizi lake. Ukipinga ya mapato ukaisahau nyingine, ile uliyoisahau inakuwa deni kamili, tena juu ya mauzo yaleyale unayoyakana kwenye jalada la kodi ya mapato.

Ukiwasilisha, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, au ujumbe wa mfumo unaoonyesha tarehe kama umetuma mtandaoni. Uamuzi ukija, hata kama umekubaliwa kwa sehemu kubwa, usome kama ulivyosoma ile hati ya kwanza: nao una siku zake za rufaa, na zinaanza kuhesabiwa upya.