Usichukue Wastani wa pH

Juzi mpwa wangu, aliye kidato cha tatu hapa Mombasa, alinijia na daftari lake la kemia. "Mjomba, asidi ya pH 2 nikiichanganya na maji ya asidi ya pH 4, ujazo sawa, si nitapata pH 3?"

Kosa hilo nililifanya nami nikiwa na umri wake. Nilikosa swali zima na hakuna aliyenieleza kwa nini.

Nilimwambia asiiguse pH kwanza, aandike ukolezi wa ayoni za haidrojeni. Penye pH 1 kuna moli 0.1 kwa lita. Penye pH 2 kuna 0.01, penye pH 3 kuna 0.001. Kila pH inapopanda hatua moja, ayoni zinagawanywa kwa kumi. Ndiyo kazi ya logi: inahesabu umegawanya kwa kumi mara ngapi. Alama ya kutoa ipo ili tusiandike namba hasi kila mara:

```
pH = -log[H+]
```

"Lakini kwa nini wasiandike ukolezi wenyewe?" akauliza.

Tukachora rula. Tuseme ayoni za maji safi, pH 7, ni mstari wa milimita 1. Kwa rula hiyo pH 6 ni sentimita 1, na pH 4 ni mita nzima. Ya pH 1 haingii darasani: ni kilomita 1. Simama chini ya Pembe za Ndovu pale Moi Avenue, tembea kama robo saa, ndipo utaufikia mwisho wa mstari. Hakuna karatasi inayobeba milimita na kilomita pamoja zikasomeka zote mbili. Sørensen, mkemia wa Denmaki, alipopendekeza pH mwaka 1909, alituwezesha kuandika ukolezi wa aina hiyo kwa namba ndogo ndogo.

Sasa turudi kwenye swali lake. Lita moja ya pH 2 ina moli 0.01, lita moja ya pH 4 ina 0.0001. Jumla ni 0.0101 ndani ya lita mbili, yaani 0.00505 kwa lita. Bonyeza logi, geuza alama: pH 2.3. Ile ya pH 4 imefanya kazi ya maji tu, karibu kuipunguza nyenzake nusu. Na nusu, kwa logi, ni hatua ya 0.3.

Akafurahi, akataka kuendelea: "Basi nikizimua asidi ya pH 6 mara kumi kwa maji safi, napata 7, halafu 8!" Hapo nikamzuia. Maji yenyewe yana ayoni zake, moli 0.0000001 kwa lita kwenye nyuzi 25. Asidi ikishakuwa hafifu kiasi hicho, ayoni za maji lazima zihesabiwe. Jibu ni karibu 6.8, na hata akijaza pipa zima, ataikaribia 7 tu, hataivuka.