Roku kwenye Wi-Fi ya hoteli

"Roku yangu inaiona Wi-Fi ya hoteli, lakini haina brauza ya kujazia namba ya chumba. Nifanyeje?"

Ndugu, fungua Settings, kisha Network, uchague mtandao wa hoteli, na ukiulizwa uchague "I'm at a hotel or college dorm". Roku itarusha Wi-Fi yake ya muda, ambayo jina na nywila yake vitaonekana kwenye runinga, nawe utaunganisha simu humo ili ujaze ukurasa wa hoteli kwa niaba yake. Ukurasa usipojitokeza, zima data, maana simu hukimbilia huko ikiona Wi-Fi haina intaneti. Hotspoti ya simu inafaa pia, ila kwa kawaida hula bando, na filamu moja tu yaweza kulimaliza.