Dami kwenye regresheni: cyl4 imeenda wapi, na cyl6 na cyl8 zinasomwaje?

"Wakuu naombeni msaada. Nafanya mazoezi kwa data ya mtcars kwenye R, nataka kujua ulaji wa mafuta unategemea vipi uzito wa gari na idadi ya silinda. Silinda ziko aina tatu, 4, 6 na 8, ila kwenye matokeo naziona 6 na 8 tu. Hiyo ya 4 imefutwa au nimekosea? Na hizo namba mbili nizisomeje?"

Mkuu hujakosea, na ya 4 haijafutwa, imo ndani ya intasepti. Nikuoneshe kwa hiyo hiyo data yako ili uweze kurudia mwenyewe. Ni magari 32 yaliyopimwa na jarida la Motor Trend la Marekani la mwaka 1974, 11 ya silinda 4, 7 ya silinda 6 na 14 ya silinda 8. `mpg` ni maili kwa galoni, kwa hiyo namba ikipanda gari linakula kidogo, na `wt` ni uzito kwa maelfu ya pauni.

```r
m <- lm(mpg ~ wt + factor(cyl), data = mtcars)
coef(m)
# (Intercept)    33.99
# wt             -3.21
# factor(cyl)6   -4.26
# factor(cyl)8   -6.07
```

Hapo R imetengeneza safu mbili za sifuri na moja, hizo ndo dami. Ya kwanza inauliza hili gari ni la silinda 6? ndiyo 1, hapana 0. Ya pili inauliza hivyo hivyo kuhusu 8. Sasa gari la silinda 4 lina 0 na 0, tayari limeshajulikana bila safu ya tatu. Ukilazimisha safu ya tatu, zote tatu ukizijumlisha kila mstari unapata 1, ambayo ni safu ile ile ya intasepti, na kompyuta haiwezi kujua sifa impe nani, ndo pale unaona `NA` kwenye mstari mmoja wa matokeo. Kwa hiyo kundi moja lazima liwe la kulinganishia, na R isipoambiwa kitu inachukua la kwanza kwenye mpangilio.

Tukija kwenye kusoma. -4.26 SIYO maili za gari la silinda 6, na wala siyo kwamba kila silinda inapunguza kiasi hicho. Ni tofauti kati ya gari la silinda 6 na gari la silinda 4 yakiwa na uzito sawa. -6.07 ni tofauti ya 8 na 4, uzito ukiwa sawa, siyo 8 na 6, hapa ndo watu wengi wanateleza. Chukua gari la pauni 3,000: la silinda 4 ni 33.99 toa 3.21 mara 3, unapata kama 24.4. La silinda 6 la uzito huo huo unatoa 4.26, linabaki 20.1, na la 8 unatoa 6.07 kutoka kwenye 24.4, linakuwa 18.3. Ukichora unapata mistari mitatu inayoshuka sambamba, mteremko ni mmoja -3.21, dami zinasogeza tu mstari juu au chini. Intasepti yenyewe, 33.99, ni gari la silinda 4 lenye uzito sifuri, kitu ambacho hakipo duniani, usihangaike kuitafsiri. Ukitaka iwe na maana weka `I(wt - 3)` badala ya `wt`, itakuwa 24.4, yaani gari la silinda 4 la pauni 3,000.

Hayo maneno "uzito ukiwa sawa" usiyaache kwenye ripoti. Ondoa `wt` uone: cyl6 inakuwa -6.92 na cyl8 inakuwa -11.56, karibu mara mbili ya ile -6.07. Hizo ni tofauti za wastani wa makundi tu, na ndani yake kuna uzito, maana magari ya silinda 8 humo ni mazito, wastani karibu pauni 4,000 dhidi ya kama 2,290 ya silinda 4. Dami ile ile, namba mbili tofauti, kwa sababu swali limebadilika.

Halafu kuna kosa nililolifanya mimi kwenye utafiti wangu wa chuo na lilinigharimu sura nzima. Wilaya nilizipa msimbo 1 hadi 4, nikaziingiza kama namba bila `factor`, matokeo yakaja mazuri tu, mstari mmoja na nyota zake za p ndogo. Msimamizi akaniuliza, wilaya namba 4 ni mara mbili ya namba 2? Nikakosa jibu. Kwenye data yako silinda ni namba kweli kwa hiyo kosa linajificha zaidi. Ukiacha `cyl` kama namba unapata -1.51 kwa kila silinda, yaani kutoka 4 kwenda 6 unapoteza 3.02 na kutoka 6 kwenda 8 tena 3.02. Dami zinasema kitu kingine, hatua ya kwanza ni 4.26 na ya pili ni 1.82 tu. Dalili ya kuangalia ni moja: kategoria tatu lazima zikupe mistari miwili kwenye matokeo, ukiona mmoja ujue imesomwa kama namba.

Na hiyo 1.82 ni tofauti ya kuaminika? Nyota za cyl8 hazikujibu hilo, maana zenyewe zinalinganisha na 4. Badilisha kundi la kulinganishia:

```r
mtcars$cyl <- relevel(factor(mtcars$cyl), ref = "6")
summary(lm(mpg ~ wt + cyl, data = mtcars))
```

Sasa cyl4 inakuwa +4.26, cyl8 inakuwa -1.82 na thamani yake ya p ni kama 0.19, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba 6 na 8 zinatofautiana uzito ukiwa sawa. Modeli ni ile ile, makadirio ya kila gari hayajabadilika hata kidogo, ulichobadilisha ni sehemu unayosimama kupima. Ndo maana usitupe dami moja eti haina nyota. Ukitaka kujua kama silinda kwa ujumla zina mchango linganisha modeli yenye `wt` peke yake na hii kwa `anova()`, F inatoka kama 7.29 na p karibu 0.003, kategoria inabaki yote.

La mwisho mkuu, usimalize bila kuchora mchoro wa `mpg` na `wt` kila kundi na rangi yake. Gari zito kuliko yote ya silinda 4 ni Merc 240D, pauni 3,190, na jepesi kuliko yote ya silinda 8 ni Ford Pantera L, pauni 3,170. Yanagusana kwa pauni 20 tu! Kwa hiyo ile -6.07 ya "uzito sawa" karibu yote inatokana na modeli kurefusha mistari kwenda sehemu ambako hakuna magari, na inasimama tu kama mteremko kweli ni mmoja kwa makundi yote. Mimi ningeiandika na tahadhari hiyo pembeni yake. Ile ya 6 na 4 ina afadhali, pale angalau yapo magari kadhaa ya makundi yote mawili kati ya pauni 2,600 na 3,200.