Ukisema "jaza fuli" halafu ukaiacha pikipiki juani

Mwaka wa kwanza nina pikipiki nilikuwa na kaugonjwa kamoja, nikifika sheli asubuhi nasema jaza fuli, na fuli yangu mimi ni mpaka nione petroli inang'aa pale mdomoni, nilikuwa nawaza nikiacha nafasi nimepunjwa. Basi siku moja nimejaza saa moja hivi asubuhi, nikaenda kibaruani mtaa wa pili tu hapo, nikaipaki kwenye uwazi. Saa saba natoka nakuta tenki limelowa, petroli imechuruzika toka kwenye mfuniko ikashuka ubavuni mpaka karibu na injini, na harufu yake ndo usiseme. Nikajua tenki limetoboka.

Halikutoboka. Petroli ya sheli inatoka kwenye tenki la chini ya ardhi ambako jua halifiki, kwahiyo inakuja imepoa. Wewe unaimwaga kwenye bati jeusi halafu unaliacha juani, na petroli ikipata joto inatanuka, tena kuliko maji. Shika hii tu: kila joto likipanda nyuzi 10, petroli inaongezeka karibu asilimia 1. Tenki langu ni la lita 11. Tuseme asubuhi ilikuwa nyuzi 27 na mchana ikafika 47, hapo nyuzi 20 zimepanda, asilimia 2 ya lita 11 ni kama mililita 200, yani glasi nzima ya chai. Utasema na bati nalo si linatanuka? Linatanuka ndio, ila kwa joto hilohilo ni kijiko cha chai na nusu hivi. Sasa glasi hiyo iende wapi wakati umejaza mpaka kwenye kizibo?

Inatokea pale juu kwa sababu mfuniko wa tenki una katundu kadogo ka kupumulia. Na hapa ndo nilipofanya ujinga wangu wa pili, nikaona kumbe dawa ni kuziba, nikakapaka gundi. Kuvuja kuliisha kweli, ila siku mbili mbele pikipiki ikaanza kuzima njiani, unaenda kilomita kadhaa inakosa nguvu, inakohoa, kimya. Nimebadili plagi, nimesafisha kabureta, hela imeenda. Fundi mmoja mzee akaniambia fungua mfuniko tusikilize, nikafungua, hewa ikaingia fyuuu, akapiga kiki ikawaka hapohapo. Petroli ikishuka kwenda kwenye injini lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, ukiziba tundu tenki linajinyonga lenyewe na mafuta hayashuki tena. Kwahiyo hako katundu usikazibe, kakiziba kwa vumbi kasafishe.

Ninavyojaza sasa hivi: pikipiki naisimamisha wima kwa dabo stendi, sio imelala kwa stendi ya pembeni maana ikilala inakudanganya. Ukichungulia mdomo wa tenki utaona shingo imeingia ndani kidogo, petroli ikigusa chini ya hiyo shingo inatosha, usimwambie mhudumu aongezee kidogo ifike elfu kamili. Au nenda kwa lita kabisa, mi ikiingia rizevu najua bado kama lita mbili, nanunua nane, basi. Na kama lazima ujaze sana labda una safari, jaza ukiwa unaondoka muda huohuo, sio ujaze ukapaki juani. Ukitembea kidogo tu nafasi inapatikana yenyewe.

Ila usije ukasema kila kuvuja ni joto. Ya joto inatoka tenki likiwa limejaa na jua likiwa kali, alama inaanzia mfunikoni, ukiisogeza kivulini inaacha yenyewe. Ikivuja hata usiku, au tenki likiwa nusu, au ukaona unyevu kwenye koki na mpira wa mafuta, hilo ni tobo, peleka kwa fundi. Ukiikuta inachuruzika usiwashe na usiruhusu mtu na sigara yake karibu, isukume kivulini, futa, subiri harufu iishe na injini ipoe.

Wanaobeba petroli ya jenereta kwenye dumu nao wananishangaza, dumu halina tundu la kupumulia, unalijaza mpaka kizibo kinaogelea halafu unalifunga kwa nailoni likazwe. Lile la lita 20 acha kama lita nzima wazi, ile hewa inabonyea, petroli haibonyei. Hata hivyo mvuke utalivimbisha tu, kwahiyo unapofungua legeza kizibo taratibu, ukisikia kinapuliza ngoja kimalize, na uso wako usiwe juu yake.