Nembo, mabango na michoro ya watu inayoonekana nyuma ya picha za filamu

Swali: Ninatayarisha filamu fupi ya kubuni, ya dakika 20, kuhusu mama anayeuza mitumba Kongowea, Mombasa. Nyuma ya kibanda chake kuna duka lililopakwa rangi na nembo ya M-Pesa, bango la Coca-Cola, na ukuta wenye mchoro mkubwa wa msanii. Ndani ya nyumba yake, mpambaji wetu wa seti ametundika picha aliyoinunua dukani. Tunataka kuipeleka filamu Uingereza, na kampuni moja ya sabuni imeomba vipande vyake kwa ajili ya tangazo. Je, ni lazima tufunike kila kitu?

Jibu: La, si lazima. Nembo za kampuni kubwa, ambazo kwa kawaida ndizo huwatia hofu watayarishaji, ndizo zenye hatari ndogo kwako, ilhali picha iliyotundikwa ndani ya nyumba, ambayo huenda hakuna aliyeifikiria, ndiyo inayohitaji ruhusa mapema kuliko vyote. Nitaeleza kwa kufuata sheria ya Kenya, kwa kuwa ndiko mnakopiga picha, kisha niitazame Uingereza mahali inapotofautiana.

Nembo hulindwa kwa njia mbili. Kwanza ni alama ya biashara, na sheria ya alama za biashara humzuia mtu kuitumia nembo hiyo katika shughuli zake za biashara kwa namna itakayowafanya wateja waamini kwamba bidhaa au huduma yake inatoka kwa mwenye nembo. Duka la M-Pesa linapoonekana nyuma ya mama mitumba, hakuna anayeuziwa huduma ya kutuma pesa kupitia filamu yako, wala hakuna atakayedhani kwamba Safaricom ndiyo iliyoitengeneza, mradi nembo hiyo haijawekwa kwenye bango la kutangazia filamu, kwenye jalada au kwenye majina ya wadhamini. Hali hubadilika pale hadithi yenyewe inapoigusa bidhaa. Iwapo mhusika wenu anakunywa soda yenye nembo halisi kisha anaumwa, au wakala wa huduma halisi anaonyeshwa akiwaibia wateja, hapo mwenye nembo anaweza kudai kwamba mmeichafulia jina biashara yake. Kwa onyesho la namna hiyo, buni jina la soda au la huduma ambalo halipo, chapisha lebo yako mwenyewe, na uhakikishe kwamba rangi na umbo lake havimpeleki mtazamaji moja kwa moja kwenye bidhaa inayojulikana.

Njia ya pili ni hakimiliki, kwa sababu nembo iliyochorwa ni kazi ya sanaa sawa na mchoro mwingine wowote. Hapa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika Jedwali la Pili lililoongezwa kwa marekebisho ya mwaka 2019, inakupa nafasi mbili kubwa. Inaruhusu kuingiza katika filamu kazi ya sanaa iliyoko mahali ambapo umma unaweza kuiona, na inaruhusu pia kazi ya sanaa iingie katika filamu kwa kupitia tu, bila kuwa ndiyo shabaha ya picha. Bango la Coca-Cola lililo barabarani na mchoro wa ukutani vinaingia katika ruhusa ya kwanza, kwa hiyo filamu ikionyeshwa nchini hamna haja ya kuvitia ukungu. Ule ukungu mnaouona kwenye nembo katika vipindi vya televisheni mara nyingi hautokani na sheria hata kidogo. Unatokana na mkataba wa kituo na watangazaji wake, ambao hawapendi mshindani aonekane bure, na ndiyo maana ni vyema kumwuliza mnunuzi wa filamu mapema anataka nini kabla hamjamlipa mhariri kuzitia ukungu nembo fremu kwa fremu.

Sasa tuje ndani ya nyumba, ambako ndiko ninakoona tatizo la kweli. Picha ile haiko mahali ambapo umma unaiona, kwa hiyo ruhusa ya kwanza haiwafai. Haikuingia kwa kupitia tu pia, kwa sababu mtu wenu aliichagua, akainunua, akaitundika na kuiwekea taa ili nyumba ya mhusika ionekane hivyo mnavyotaka. Kuinunua kulimpa haki ya kuwa na kile kipande cha turubai au karatasi. Haki ya kuinakili katika filamu ilibaki kwa mwenye hakimiliki.

Kesi inayofundisha zaidi juu ya jambo hili iliamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York mwaka 1997. Kipindi cha vichekesho cha televisheni kilikuwa kimetundika, katika seti ya ukumbi wa kanisa, bango lenye kazi ya Faith Ringgold, msanii aliyejulikana kwa mafarishi yake yenye hadithi. Bango hilo lilionekana mara tisa, na muda wake wote ulijumlishwa ukafika sekunde 26.75, huku mara nyingi likionekana sehemu yake tu. Waliorekodi walijitetea kwamba muda huo ni mdogo mno kuhesabiwa. Mahakama ilikataa kuimaliza kesi kwa hoja hiyo. Ilieleza kwamba bango lilitumika kwa kazi ileile ambayo mabango hununuliwa kuifanya, yaani kupamba ukuta, na kwamba watu wa televisheni walilichagua kwa sababu walihitaji mapambo ya aina hiyo. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini mantiki yake ni ileile atakayoitumia wakili wa msanii wako, na ndiyo sababu sishauri mtu yeyote ategemee ile dhana iliyoenea kwamba chini ya sekunde kadhaa ni bure. Hakuna sheria ninayoifahamu, Kenya au Uingereza, inayotaja sekunde.

Suluhisho lake ni jepesi na nafuu. Mtafuteni msanii, mlipeni ada mtakayokubaliana, na mpate karatasi iliyotiwa saini inayotaja jina la kazi, jina la filamu, na ruhusa ya kuionyesha duniani kote, katika vyombo vyote, bila kikomo cha muda. Mambo hayo matatu ya mwisho, yaani mahali, vyombo na muda, msiyaache, kwa sababu ruhusa ya tamasha pekee haitamtosha msambazaji atakayekuja baadaye. Iwapo msanii hapatikani, ondoeni picha hiyo na mtundike iliyochorwa na mmoja wenu kwa makubaliano ya maandishi.

Mchoro wa ukutani ndio unaobadilika sura mnapovuka mpaka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inaruhusu kurekodi majengo, sanamu na kazi za ufundi wa kisanii zilizowekwa daima mahali pa umma, lakini ruhusa hiyo haitaji michoro wala picha zilizochorwa. Kwa hiyo mchoro ulio huru Kongowea hauna uhuru huo filamu inapoonyeshwa London, na kinachobaki ni hoja kwamba umeingia kwa kupitia tu. Mahakama za Uingereza huipima hoja hiyo kwa kuuliza kwa nini kazi hiyo imo kwenye picha. Mwaka 2003, katika kesi ya ligi kuu ya soka dhidi ya Panini, picha za wachezaji zilizouzwa kama vibandiko zilionyesha nembo za klabu kwenye jezi, na mahakama ya rufaa ikasema nembo hizo hazikuingia kwa kupitia tu, kwa kuwa mnunuzi alitaka kumwona mchezaji akiwa katika jezi yake halisi.

Tumieni swali hilohilo kwenye picha zenu. Kamera inapomfuata mama akipanga mashati, na mchoro ukapita nyuma ya bega lake ukiwa nusu na bila makali, jibu ni kwamba ulikuwa pale kwa sababu kibanda kiko pale. Lakini mkisimamisha kamera, mkamketisha mama katikati ya uso uliochorwa ili mchoro uonekane kama unamlinda, mmeutumia mchoro kusimulia hadithi, na kwa onyesho hilo mnahitaji saini. Kama hamtaki kulipoteza, ombeni ruhusa sasa. Mwombeni msanii, na mwombeni pia aliyemwagiza kuchora, kwa kuwa sheria ya Kenya humhesabu aliyeagiza kazi kuwa ndiye mwenye hakimiliki isipokuwa wamekubaliana vingine, huku msanii akibaki na haki ya kutajwa jina. Ruhusa ya mwenye ukuta ya kusimamisha kamera haitoshi peke yake.

Kwa picha nyingine za kibandani, mpiga picha wenu anaweza kupunguza kazi yote hii kabla ya kurekodi. Lenzi ya milimita 85 ikiwa na tundu la 2.8, mama akiwa mita 3 kutoka kwenye kamera na duka likiwa mita 10 nyuma yake, italifanya duka likaribie kuwa rangi na maumbo tu. Rangi ya kijani itasema ni duka la M-Pesa hata pale herufi ndogo za kibao hazisomeki. Jambo hilo lina faida nyingine. Kwenye vibao vya maduka hayo huwa kuna nambari ya kulipia, pengine na jina la mwenye duka au simu yake, na nambari inayosomeka kwenye skrini kubwa huweza kuanza kupigiwa na watu wasiojulikana. Hiyo ndiyo sehemu ya kibao ninayoiona inastahili kufunikwa siku zote, hata pale nembo inapoachwa wazi.

Angalieni pia kwamba ruhusa zile mbili za Kenya zinataja kazi za sanaa peke yake. Televisheni ya duka inayoonyesha filamu ya mtu mwingine, au spika inayopiga wimbo wa msanii, hazimo. Omba zizimwe wakati wa kurekodi.

Kuhusu kampuni ya sabuni, jibu langu ni kwamba msiwape picha yoyote yenye nembo, kibao au mchoro ambao hamna ruhusa yake ya maandishi. Katika tangazo, kila kinachoonekana kinasaidia kuuza bidhaa, na Safaricom au Coca-Cola wakiona nembo zao zimepambwa nyuma ya sabuni ya mtu watakuwa na sababu nzuri ya kusema kwamba umma umedhani wao ni washirika. Karatasi aliyosaini msanii kwa ajili ya filamu haitafaa hapa, isipokuwa inataja matangazo kwa jina, na msanii ana haki ya kudai malipo tofauti. Andaeni jedwali la picha zote kwa saa ya video, mwanzo hadi mwisho wa kila onyesho, mkiandika kinachoonekana, kilivyofika pale na karatasi mliyo nayo. Vipande ambavyo safu ya mwisho iko tupu na nyuma ya mhusika kuna kitu cha mtu, vitolewe kwenye orodha atakayopewa mwenye sabuni. Jedwali hilohilo ndilo atakalolitaka msambazaji wa Uingereza pamoja na kampuni yake ya bima, kwa hiyo lianzeni siku ya kwanza ya kurekodi, wakati bado mnaweza kurudi Kongowea kumtafuta mchoraji.