Kwa mhasibu mpya: ile asilimia kumi haitoki kwa mfanyakazi

Ukianza kushika mishahara kwenye kampuni ndogo hapa Uganda, iwe Busia au Kampala, huenda ukaambiwa, "Sisi tuko wanne tu, NSSF haituhusu." Zamani ilikuwa kweli, kwa sababu sheria ya mfuko huu wa hifadhi ya jamii iliwagusa waajiri wenye wafanyakazi watano na kuendelea. Marekebisho ya 2022 yaliondoa kikomo hicho. Hata duka lenye msaidizi mmoja linapaswa kujisajili, kumsajili msaidizi huyo na kumchangia.

Mchango ni asilimia 15 ya mshahara ghafi. Tano zinakatwa kwa mfanyakazi, kumi zinatoka mfukoni mwa mwajiri. Makosa mengi huanzia kwenye hilo neno "ghafi". Chukua dereva mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 600,000, posho ya nyumba 100,000 na malipo ya saa za ziada 50,000. Hesabu inaanzia 750,000. Unamkata 37,500, kampuni inaongeza 75,000, na NSSF inapokea 112,500. Ukipiga hesabu kwenye mshahara wa msingi peke yake utapeleka 90,000, na kila mwezi linabaki deni la 22,500. Mwaka mzima ni 270,000 kwa dereva mmoja, kabla ya adhabu. Wakaguzi wakija huomba orodha ya mishahara na kuilinganisha na michango iliyopelekwa, kwa hiyo pengo kama hilo hawalikosi.

Kuna mabosi wanaokata zote 15 kwa mfanyakazi. Wengine humwambia aliyeomba kazi kwamba mshahara ni 750,000, kisha wanaichomoa humo humo asilimia kumi yao. Usikubali kuandika karatasi ya mshahara ya namna hiyo. Na ninyi mliotoka Kenya: hapa kodi ya mshahara, PAYE, inahesabiwa kabla ya kuondoa ile asilimia tano, si baada.

Fedha zifike kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa, adhabu ni asilimia 10 ya mchango; kwa dereva wetu ni 11,250, na mwajiri ndiye anayeilipa. Kukata fedha za mtu halafu kuzizungushia kununua mafuta ya gari ni jambo zito zaidi ya kuchelewa, maana NSSF inaweza kumfikisha mwajiri mahakamani.

Kulipa peke yake hakutoshi. Orodha unayopeleka na malipo lazima iwe na namba sahihi ya uanachama ya kila mtu. Namba ikikosewa, fedha hufika NSSF lakini haziingii kwenye akaunti ya mhusika, na stakabadhi ya benki haitakuonyesha kosa hilo. Mimi huwaomba wafanyakazi wawili watatu wafungue NSSFGo kwenye simu zao baada ya malipo. Mchango wa mwezi ukiwa hauonekani, narudi kwenye orodha na kukagua namba moja moja, nikianza na walioajiriwa karibuni.